Transfoma tupu na fyuzi za nguzoni

"Transfoma ikiwa haina mzigo, si ndiyo salama zaidi kuiwasha fyuzi moja moja?"

Hapana; kukosa mzigo ndiko kunakoleta hatari. Chukua transfoma ya kilovolti 11, upande wa volti ya juu ukiwa delta, yaani koili tatu zilizoungwa kama pembetatu, inayolishwa kwa kebo ndefu ya ardhini kutoka nguzo yenye fyuzi tatu. Fyuzi ya kwanza ikifungwa, mkondo hupita kwenye koili za delta na kurudi kupitia kapasitansi ya kebo, iliyopo kati ya ardhi na zile fazi mbili ambazo fyuzi zake bado hazijafungwa. Kiini cha chuma hushiba usumaku, induktansi yake hubadilikabadilika, na volti za fazi hizo zinaweza kuzidi mara mbili ya kawaida. Hiyo ndiyo feroresonansi. Transfoma hunguruma isivyo kawaida, na vizuia radi hupata joto hata kupasuka, ingawa lawama mara nyingi huangukia ubora wa vizuia hivyo.

Kinga bora ni swichi inayofunga fazi zote tatu pamoja. Ikikosekana, swichi iliyo kwenye transfoma yenyewe huruhusu kebo iwashwe kwanza peke yake. Mzigo mdogo wa hita upande wa volti ya chini pia husaidia.