"Mimi nimeshabuku, hela yangu iko wapi?" Dhana potofu za kazi ya kutafuta lidi na kupanga miadi kwa simu

Wiki hii nimeambiwa tena. Mwenye kampuni ananipigia, ananiambia timu yake ya kupiga simu iko vizuri sana, mwezi uliopita wamebuku miadi zaidi ya mia moja, ila mauzo hayaonekani, nimsaidie kumtafuta muuzaji mzuri. Namuuliza, kati ya hiyo mia, nyumba ngapi fundi alifika akakuta mtu? Kimya. Hajui. Hakuna aliyewahi kuandika.

Nimesimamia hii kazi miaka kadhaa, zaidi kwa kampuni zinazofunga sola za majumbani Dar na Pwani, wapigaji wanakaa kwao, mmoja yuko Arusha, mwingine Morogoro, mwingine Mwanza, wanapokea lidi, yani namba za watu walioonyesha nia, kutoka kwenye matangazo, wanapiga, wanampangia mteja siku fundi wa vipimo aende kuangalia paa na matumizi ya umeme. Kwa hiyo mifano yangu ni ya sola.

Dhana: Miadi ikishabukiwa kazi imeisha, kamisheni ilipwe

Hii ndo inayonichosha kuliko zote, na inasemwa na pande zote mbili. Mpigaji anaamini hivo kwa sababu ndo anavyolipwa, na bosi anaamini kwa sababu namba ya miadi ni rahisi kuhesabu.

Jamani, mtu akikwambia "sawa, njooni Jumamosi" kwenye simu hajakubali kitu. Sisi tulivyolelewa kumkatalia mtu anayeongea na wewe kwa heshima ni shida, kwa hiyo "sawa" mara nyingi ni njia ya kumaliza simu bila kumuudhi anayepiga. Mpigaji anayelipwa kwa kila "sawa" hana sababu ya kuuliza zaidi, na akiuliza anajiharibia. Sio kwamba ni mwizi, malipo yenyewe ndo yamemfundisha hivo.

Chukua wapigaji wawili niliokuwa nao, namba nimezisawazisha kidogo ili hesabu iwe nyepesi. Wote walikuwa wanalipwa 5,000 kwa kila miadi juu ya mshahara mdogo, na kila safari ya fundi ilikula kama 15,000 ya usafiri na posho. Wa kwanza alibuku miadi 60. Fundi alikuta watu nyumba 21 tu, kwingine geti limefungwa, simu haipokelewi, au anakuta mpangaji anayesema mwenye nyumba yupo Songea. Mauzo yakatoka 2. Wa pili alibuku 32, fundi alikuta watu 24, mauzo 7.

Ukiangalia ubao wa mwezi, wa kwanza ndo bingwa, kachukua 300,000 na wa pili kachukua 160,000. Sasa ongeza safari. Wa kwanza: 300,000 ya kamisheni na 900,000 ya safari 60, jumla 1,200,000 kwa mauzo mawili, yani kila uuzaji umegharimu 600,000. Wa pili: 160,000 na 480,000, jumla 640,000 kwa mauzo saba, kama 91,000 hivi kila moja. Yule aliyekuwa anapigiwa makofi kwenye grupu la wasapu ndo alikuwa anaila kampuni, na yule wa pili, dada wa Morogoro, alikuwa anajiandaa kuacha kazi kwa sababu anaona juhudi zake hazionekani. Nusura tumpoteze, na hilo mpaka leo linaniuma.

Tulichobadilisha ni nini kinachoitwa miadi. Inahesabika kama vitu vinne vipo: anayeongea ndo mwenye nyumba au ana sauti kwenye uamuzi, paa limeshaezekwa, bei ya kuanzia ameshaisikia kwenye simu na hajakimbia, na fundi amefika akamkuta. Ikitimia, mpigaji anapata 4,000. Mteja akilipa malipo ya awali, mpigaji anapata 40,000 nyingine. Mshahara mdogo ukabaki palepale.

Ukipitisha mwezi uleule kwenye mpango huu, miadi ya wa kwanza iliyokidhi ilikuwa 12, kwa hiyo anapata 48,000 na 80,000 ya mauzo mawili, jumla 128,000. Wa pili zilikidhi 22, anapata 88,000 na 280,000, jumla 368,000. Wote kwa pamoja kampuni ingelipa 496,000 badala ya 460,000 ya zamani. Tofauti ni 36,000 tu! Hela ni karibu zilezile, zimehama kwenda kwa aliyefanya kazi, na safari za bure zinapungua zenyewe kwa sababu hakuna tena faida ya kumtuma fundi Chanika kwenye geti lililofungwa.

Na kuna kitu kimoja nawalazimisha wapigaji wangu wote, hata wakilalamika. Usimwandikie mteja anapokaa, mwombe yeye akutumie lokesheni kwa wasapu, hapohapo kabla ya kubuku. Anayetuma ameshafanya kitu kwa mkono wake, na mara nyingi huyo utamkuta. Anayesema "nitatuma baadaye" asipotuma mpaka jioni ya siku moja kabla, fundi haendi, unampigia kupanga upya. Asubuhi unathibitisha tena kabla fundi hajawasha pikipiki. Simu mbili za dakika moja, zinaokoa 15,000.

Halafu saa. Mteja kasema "saa nane", mpigaji kaandika 8:00 kwenye kalenda, fundi kafika saa mbili asubuhi mteja yuko kazini. Inaitwa "mteja hakuwepo" na mteja wa watu hana kosa lolote! Tamka "saa nane mchana", andika 14:00, na kwenye ujumbe wa kuthibitisha mtumie kwa maneno kama alivyosema yeye.

Dhana: Basi lipa kamisheni tupu ya mauzo, atachapa kazi tu

Hapana. Mabosi wakishaelewa ya juu wanarukia upande wa pili. Sola haiuzwi siku moja, kuna mteja anapimiwa leo analipa baada ya wiki sita akishauza mazao au mkopo wa saccos ukitoka. Mpigaji atakula nini hizo wiki sita? Tena kufunga mauzo hakupo mikononi mwake, muuzaji akichelewa kupeleka bei siku tano lidi inapoa na anayekosa hela ni aliyepiga simu. Ndo maana nasisitiza vipande vitatu: mshahara mdogo wa kumfanya apumue, kitu kidogo kwa miadi iliyofanyika kweli, na kikubwa kwa mauzo. Na wewe unayetafuta hizi kazi, ukiambiwa kamisheni tupu, uliza mambo mawili kabla hujakubali: nitaiona hali ya lidi zangu mpaka mwisho? Na mteja akilipa baada ya miezi miwili bado ni wangu? Kama hawana jibu la maandishi, achana nayo.

Dhana: Kufuatilia ni kuhesabu simu alizopiga

Simu 120 kwa siku hazisemi kitu. Ukimpima mtu kwa simu atapiga hata namba anazojua hazipatikani, nimeona mtu ana simu sitini za sekunde nne nne kabla ya saa sita mchana.

Rekodi ya kweli ni ya kawaida sana, inatosha Google Sheets. Mstari mmoja kwa lidi moja: ilitoka wapi, iliingia lini, nani aliongea nayo kwanza, miadi ya lini, ilifanyika au la, imelipiwa au la. Siri iko kwenye nani anajaza nini. Mpigaji anajaza mpaka miadi. "Ilifanyika" anaijaza fundi akiwa palepale, na kolamu hiyo mpigaji haruhusiwi kuigusa. "Imelipiwa" anajaza mhasibu hela ikishaonekana. Kila mtu anaona yote ila anaandika pake tu. Mtu akijaza matokeo ya kazi yake mwenyewe halafu analipwa kwa hayo matokeo, umemweka kwenye jaribu ambalo halikuwa na ulazima.

Ugomvi mwingi wa "lidi yangu imeibwa" hata sio wizi, ni namba moja imeingia mara tatu. Mmoja kaandika inaanza na 0, mwingine na 255, mwingine na +255 ikiwa na nafasi katikati, shiti inaona watu watatu, na wapigaji watatu wanadai kamisheni ya mteja mmoja. Chukua tarakimu tisa za mwisho, kama namba iko B2 na kolamu yake umeiweka Plain text, weka hii C2:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```

Kisha D2:

```
=COUNTIF(C:C,C2)>1
```

Ikisema TRUE, hiyo namba ipo zaidi ya mara moja. Kwetu lidi ni ya aliyeandika mazungumzo ya kwanza, kwa siku 30, zikipita bila kuongea naye tena iko wazi kwa yeyote. Ziwe 30 au 45 sio hoja, hoja ni iandikwe kabla watu hawajagombana.

Kosa lingine la hesabu: mabosi wanagawa mauzo ya Julai kwa miadi ya Julai. Mauzo mengi ya Julai ni ya miadi ya Mei na Juni! Kila uuzaji urudishe kwenye mwezi ambao miadi yake ilibukiwa, la sivyo mpigaji mpya ataonekana mzembe na aliyeacha kupiga simu ataonekana shujaa kwa miezi miwili.

Dhana: Nunua listi ya namba elfu tano, kazi iwe nyingi

Kwa kifupi, usinunue. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtu akikuuliza "namba yangu umeitoa wapi?" lazima uwe na jibu la kweli. Mimi lidi isiyokuwa na chanzo kwenye kolamu yake haipigiwi. Na hata kibiashara haina maana, mpigaji anatukanwa siku nzima na ikifika saa kumi jioni, pale wateja wa kweli wanapoanza kutoka kazini na kupokea simu, sauti yake imeshakufa. Aliyejaza fomu mwenyewe apigiwe ndani ya dakika chache bado tangazo liko kichwani mwake, akikaa mpaka kesho utamkuta hata hakumbuki alijaza nini.

Dhana: Mteja akighairi baada ya kulipa, kamisheni ya mpigaji ikatwe

Inategemea, na hapa wengi wanaonea watu. Kama kaghairi kwa sababu mpigaji alimdanganya, mfano alimwambia sola ya taa na tivii itaendesha na pasi, kata, na mwonyeshe rekodi ya simu. Kama kaghairi kwa sababu mafundi walichelewa wiki tatu kufunga, usiguse hela ya mtu. Kwenye ile shiti weka kolamu ya sababu ya kughairi, ijazwe na mtu wa huduma kwa wateja aliyeongea na mteja mwenyewe, na mpigaji aione kabla ya siku ya mshahara ili kama ana la kusema aseme mapema.