Usiniulize bosi ana nafasi lini

Wiki hii imekuja tena. Baruapepe imeandikwa kwa unyenyekevu, salamu mistari miwili, shukrani mistari miwili, kisha: "Tungependa kukutana na mkurugenzi wako kujadili masuala kadhaa. Tafadhali tuambie ana nafasi lini." Nilipoifungua kijana wetu wa atachimenti alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilipoguna akaniuliza kosa liko wapi. "Si wamekuwa na adabu, mama? Wamemwachia mkubwa achague."

Jamani. Nimekaa kwenye kiti cha ukatibu muhtasi katika ofisi za uwakala wa forodha mjini Mombasa miaka kumi na saba, na imani hii ndiyo inayonimalizia asubuhi zangu. Anayeandika "niambie una nafasi lini" hajamwachia mtu uhuru, amemtwika kazi. Mpokeaji afungue kalenda yake, aangalie wiki nzima, akisie kikao ni cha dakika kumi au saa mbili (maana hukumwambia), akisie mnakutania wapi, atafute nafasi, akuandikie, halafu wewe umjibu kwamba siku hiyo utakuwa Nairobi. Mwanzo upya. Mwaka jana niliyahesabu mazungumzo ya namna hiyo na ofisi moja: baruapepe tisa kwa siku kumi na moja, na kikao chenyewe kikachukua dakika ishirini.

Nikamwambia kijana avute kiti, tuandike ya kwetu. Tulikuwa tunataka kuonana na mzee mmoja mwenye maghala ya chai Shimanzi, tukodi sehemu kwa miezi mitatu. Hii hapa, jinsi ilivyotoka:

> Kichwa: Kikao cha dakika 30: kukodi ghala Shimanzi, Septemba hadi Novemba (chagua A, B au C)
>
> Shikamoo Mzee,
>
> Tunaomba dakika 30 ofisini kwako tukubaliane kuhusu kukodi sehemu ya ghala kwa miezi mitatu. Tumeshika nafasi hizi:
>
> A. Jumatano 12 Agosti, saa 4:00 asubuhi (10:00)
> B. Alhamisi 13 Agosti, saa 8:30 mchana (14:30)
> C. Ijumaa 14 Agosti, saa 3:00 asubuhi (09:00)
>
> Ya kuamua:
> 1. Mita za mraba ngapi zitakuwa wazi kuanzia 1 Septemba? (dakika 10)
> 2. Bima ya shehena ikiwa ndani ya ghala italipwa na nani? (dakika 10)
> 3. Malori yetu yaingie kuanzia saa ngapi? (dakika 5)
>
> Watakaokuja ni mkurugenzi na mhasibu wetu. Herufi moja inatosha kwa jibu. Kama zote hazikufai, nitajie yako. Nafasi hizi tunazishika hadi Jumatatu 10 Agosti saa 10:00 jioni (16:00).

Imeisha. Mtu anaisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya feri, anajibu "B", anaweka simu mfukoni.

Sasa turudi kwenye zile nafasi, maana hazikuanguka kutoka mbinguni. Jumatatu na Jumanne hazimo kwa sababu mnada wa chai hufanyika mwanzo wa wiki, na mwenye maghala ya chai ukimpa Jumanne umemwonyesha kwamba hujui anafanya kazi gani. Ijumaa imo, lakini ni saa 3:00 asubuhi. Ijumaa ya saa 5:30 mjini Mombasa ni nafasi ya uongo: kikao kikichelewa robo saa tu, mwenzako anaanza kutazama saa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na utamalizia ajenda mkiwa mmesimama mlangoni. Siku tatu tofauti, asubuhi mbili na mchana mmoja. Ukimpa A, B na C zote za Jumatano, na Jumatano hayupo, hujampa chochote.

Kwa nini tatu? Sina hakika, nasema kweli. Mbili huonekana kama mtego, tano humrudisha mtu kwenye kazi ya kupekua kalenda, basi nimetulia kwenye tatu. Ninaye mwenzangu katika ofisi ya meli anayetoa mbili siku zote, naye hajibiwi kwa kuchelewa kuliko mimi.

Tatu hizo lazima uzishike kweli. Ziingie kwenye kalenda ya bosi wako kama miadi ya muda, zote, kabla hujabonyeza kutuma. Nimewahi kutoa nafasi zilezile kwa watu wawili nikiamini hawatachagua sawa. Walichagua sawa. Ndiyo maana ya ule mstari wa mwisho wenye tarehe ya ukomo: haumtishii mtu, unakupa ruhusa ya kuzifungua nafasi bila kuonekana umevunja ahadi.

Haya, tufike kwenye kinachonipandisha presha hasa: saa.

Sisi tuna saa mbili katika kichwa kimoja. Saa nne asubuhi ni 10:00 kwenye simu, tofauti ni saa sita, mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini ofisini watu huandika "tukutane saa 9" bila neno jingine. Aliyeandika alikuwa anatazama kompyuta, akakusudia 09:00. Aliyesoma ni Mswahili, akasoma saa tisa, yaani 15:00. Nilishuhudia mgeni aliyetoka Malindi akifika saa tisa alasiri kwa kikao kilichokwisha asubuhi, na alikuwa na haki kabisa.

Ubaya ni kwamba makosa mengine hujifichua na mengine hayajifichui. Ukiandika "saa 12", mmoja anaelewa mchana na mwingine jioni wakati ofisi imefungwa, kwa hiyo atashtuka na kuuliza. Ukiandika "saa 7", mmoja anaelewa 13:00 na mwingine 07:00, atashtuka pia. Hatari iko kwenye 2, 3 na 4, na kwenye 8, 9 na 10. Hizo, uzisome kwa Kiswahili au kwa saa ya simu, zote huangukia ndani ya saa za kazi. "Saa 8" ni 08:00 au 14:00. "Saa 4" ni 10:00 au 16:00. Hakuna atakayeshtuka. Kila mmoja atasema "sawa", mtakuwa mmekubaliana mambo mawili tofauti, na mtagundua siku yenyewe mmoja akiwa amekaa kwenye benchi la mapokezi.

Basi andika mara mbili: saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana au jioni, halafu tarakimu za simu kwenye mabano. "Saa 8:30 mchana (14:30)." Na asiniambie mtu kwamba ni kurudia. Kibaya kuliko vyote ni mchanganyiko, "saa 10:00 asubuhi", ambayo kwa Kiswahili ni kabla ya alfajiri, wakati hata mwadhini hajaamka. Nimeiona kwenye barua za watu wenye shahada mbili.

Kwa walio nje nitapita haraka. Dubai wako saa moja mbele yetu mwaka mzima. London wako nyuma yetu saa tatu majira ya baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, maana wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Mwaliko wa kalenda hujigeuza wenyewe, lakini maneno uliyoandika ndani ya baruapepe hayajigeuzi, kwa hiyo taja "saa za Afrika Mashariki".

Ajenda. Hapa kijana alitaka kuandika "Kujadili masuala ya ghala". Nikamwambia afute. Mzee akisoma hivyo hajui alete nini wala amwite nani. Kila mstari uwe swali ambalo mkimaliza lina jibu. "Bima italipwa na nani?" humfanya amtafute mtu wake wa bima kabla ya kikao. Dakika nilizoweka jumla ni 25, zile tano zilizobaki ni za chai na salamu, na Pwani salamu haziruki. Nakiri kwamba sijawahi kuona kikao kilichofuata zile dakika. Naziweka kwa sababu msomaji akiona tatu zinajumlika chini ya thelathini, anaamini kwamba thelathini si uongo.

Utajuaje kilichokwama? Likija jibu "nitakujulisha", mara nyingi tatizo si nafasi, ni ajenda: hajaona kwa nini anahitajika yeye, si msaidizi wake. Kumwongezea D na E hakusaidii, andika upya swali la kwanza. Likija "zote sawa", usisherehekee. Chagua mwenyewe dakika hiyohiyo na utume mwaliko, kwa sababu "zote sawa" ya asubuhi huwa "samahani, nimebanwa" ya jioni.

Sasa lile swali la adabu, ambalo kijana hakuliachia, na sikumlaumu. Kuna wazee ambao ukiwaandikia A, B na C wanahisi wamepangiwa. Sina dawa kamili. Ule mstari wa "nitajie yako" husaidia, na "shikamoo" husaidia zaidi. Kwa wengine siandiki kabisa kwanza: nampigia katibu wake, tunazungumza kama ndugu, ananinong'oneza siku gani mzee huwa na roho nyeupe, kisha ndiyo baruapepe inakwenda na nafasi ambazo nusu tayari zimekubaliwa. Na kwa viongozi wa dini na wazee wa mtaa, baruapepe iache. Tuma mtu.

Mzee wa Shimanzi alijibu baada ya dakika arobaini: "Marahaba. B. Bima ni yenu, tuzungumze bei." Swali la pili likawa limekwisha kabla hatujakutana. Kijana akafurahi, akaanza kufunga kompyuta. Nikamrudisha: A na C bado zilikuwa zimeshikwa kwenye kalenda ya bosi, na mwaliko wa Alhamisi saa 8:30 mchana ulikuwa haujatumwa.