Je, wajua kwa nini "ubora wa hali ya juu" haimwambii kitu mnunuzi wa khanga?

"Mbona nikiwa dukani naeleza khanga vizuri, lakini nikiiandika inasomeka kama tangazo la redio?"

Dukani kuna mtu anakuuliza. Ukikaa kuandika hakuna anayeuliza, na kimya kile unakijaza sifa.

Mimi nilidhani kasoro yangu ni urasmi. Nikaongeza "karibu mpendwa mteja", nikatia utani na vikopa vyekundu, ila "nzuri, ya kisasa, yenye mvuto" nikaziacha palepale. Likawa tangazo lilelile, safari hii linachekacheka. Kosa nililiona siku nilipoyabandika maelezo yale, kwa bahati mbaya, chini ya picha ya sufuria. Yalifaa! Nzuri, ya kisasa, hata "mpendwa mteja". Sentensi inayoweza kuhamia kwenye sufuria bila kubadilika haijasema lolote kuhusu khanga, hata uiandike kwa lafudhi ya Kariakoo.

Mtazame mteja aliyesimama mezani. Anafikicha kitambaa, anakiinua kwenye mwanga, anakikunjua asome jina. Mkono wake unauliza kabla ya mdomo: mbona ngumu hivi, inaonyesha ndani, itachuja? Muuzaji anaujibu mkono. Kwenye simu mkono haupo, basi maandishi ndiyo yafikiche na kuinua kwa niaba yake:

"Doti moja ya pamba, haijakatwa wala kupindwa. Kila kipande ni sentimita 150 kwa 110. Ugumu huo ni wanga, ukiifua inalainika. Ukiinyoosha kwenye mwanga kidole kinaonekana, kwa hiyo ukiivaa peke yake tia shimizi. Nyekundu yake inachuja maji ya kwanza, usiichanganye na nyeupe. Jina: Wema hauozi. Halina kijembe, hata mkwe unampelekea."

Hakuna "nzuri" hata moja. Na sentensi ya kuchuja, ambayo mwandishi wa matangazo angeifuta kwanza, ndiyo inayosikika zaidi kama mtu: mwenye duka anajua khanga ikiharibu shuka la mteja, kesho atarudi nayo.

Jina nalo lina vituko vyake. Rangi hupendwa, lakini zawadi ya khanga huweza kukataliwa kwa maneno yaliyoandikwa juu yake. Ajabu ni kwamba wauzaji wengi hupiga picha ikiwa imekunjwa, maneno yakajificha, kisha wakaandika "inafaa kwa matukio yote".

Vipimo lakini usivikopi kutoka kwangu, maana khanga hutofautiana. Tandaza yako upime. Kuchuja nako usikisie: lowesha pembe, isugue na kitambaa cheupe, uone kinachobaki. Na kama unauza sukari ya kilo, andika bei na uzito tu. Sukari hakuna anayeifikicha.