Waya ndani ya ndoo: dhana potofu kuhusu entropia ya rezista isiyobadilika joto

Mkondo ukipita kwenye rezista inayoshikiliwa kwenye halijoto isiyobadilika, entropia yake, yaani kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika, inabadilikaje? Swali hili halina hesabu ngumu. Unazidisha, unagawanya, umemaliza. Hata hivyo ukiliuliza kwenye kundi lolote la tuisheni ya kidato cha sita hapa Mtwara mjini, utapata majibu matatu: moja linasema entropia ya rezista imeongezeka, la pili linasema imepungua, na la tatu linasema hakuna kilichotokea. Yote matatu hayako sawa, na kila moja linakosea kwa namna yake.

Tuchukue kifaa ambacho mtu anaweza kukiunda nyumbani. Betri ya pikipiki ya volti 12. Rezista yetu ni kipande cha waya wa koili ya jiko la umeme, kilichokatwa mpaka ukinzani wake ukabaki omu 6. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji yaliyokaa kivulini tangu asubuhi, nyuzi 27 za sentigredi, yaani kelvini 300. Waya unazamishwa wote, betri inaungwa, na mita ikiwekwa kwenye ncha za waya inasoma volti 12. Mkondo ni ampea 2 na nguvu ni wati 24. Kwa dakika kumi zinapita jouli 14,400.

Maji yatumike ya bomba au ya mvua. Wapo vijana wa Mikindani wanaoona ni rahisi kuchota bahari, kwa kuwa iko mlangoni. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo sehemu ya mkondo inaukwepa waya na kukatiza majini. Utajua kwa mapovu yanayotoka kwenye ncha zilizo uchi na harufu kali ya klorini. Hapo umeme unavunja kemikali, na hesabu zote zinazofuata zinaharibika. (Na iwe betri tu. Umeme wa ukutani na ndoo ya maji ni msiba.)

Jouli 14,400 zikiingia kwenye lita 20 za maji huyapandisha nyuzi 0.17 hivi. Kipimajoto cha maabara chenye alama za nyuzi moja moja hakitaliona badiliko hilo, kwa hiyo tuna haki ya kusema kwamba ndoo inaushikilia waya kwenye halijoto isiyobadilika.

Dhana: waya unapata joto, kwa hiyo entropia yake inaongezeka

Wanaosema hivi huandika 14,400 kugawanya kwa 300, wanapata jouli 48 kwa kelvini, kisha wanazibandika kwenye waya. Namba ni sahihi. Mwenyewe ndiye siye.

Entropia ni sifa ya hali ya kitu, kama ilivyo halijoto au ujazo. Ukitaka kujua kama entropia ya waya imebadilika, huulizi umepitia mangapi. Unauliza kama hali yake ya sasa inatofautiana na ile ya mwanzo. Sekunde chache baada ya kuwasha, waya unatulia. Halijoto yake haipandi wala haishuki, urefu ni uleule, ukinzani ni uleule. Uupime dakika ya pili, uupime dakika ya tisa, hutapata tofauti. Basi entropia yake nayo haijabadilika: badiliko lake ni sifuri, iwe umeuacha dakika kumi au mwezi mzima.

Chanzo cha kosa ni neno "joto" kuwekwa mahali pasipo pake. Betri haiupi waya joto. Betri inafanya kazi ya umeme juu ya waya, na kazi haibebi entropia yoyote. Joto linaonekana upande wa pili tu, linapotoka kwenye waya kwenda majini. Kile kinachoingia na kile kinachotoka vina jouli sawa, lakini si vitu vya aina moja, na swali lote limejificha katika tofauti hiyo.

Dhana: joto linatoka kwenye waya, kwa hiyo entropia yake inapungua

Kundi hili limeelewa kwamba joto linatoka, na mimi huliona limekaribia zaidi ukweli kuliko la kwanza. Wanaandika kutoa 48 kwenye waya, kuongeza 48 kwenye maji, jumla sifuri. Daftari linapendeza.

Ila jaribu kuiendeleza hesabu hiyo. Kama waya unapoteza jouli 48 kwa kelvini kila dakika kumi, ukiuacha siku nzima entropia yake itashuka kwa maelfu, huku waya wenyewe ukiwa vilevile. Haiwezekani kitu kipoteze sifa yake bila hali yake kubadilika.

Kilichosahaulika ni kwamba entropia, tofauti na nishati, inaweza kuzaliwa. Joto linapotoka linabeba entropia kwenda nje, kweli, lakini ndani ya waya entropia mpya inazalishwa kwa kasi ileile inayobebwa. Elektroni zinasukumwa na betri, zinagongana na atomi za metali, mwendo wao wa pamoja unavunjika na kuwa mtikisiko usio na mpango. Kila sekunde jouli 24 zinageuka hivyo, na kila sekunde inazaliwa entropia ya 24 kugawanya kwa 300, yaani jouli 0.08 kwa kelvini. Kwa sekunde 600 zinakuwa 48. Kwa alama:

```
S = I²Rt / T
```

Waya ni kama bandari ambayo kila shehena inayoshushwa inasafirishwa siku hiyohiyo: ghala halijai, lakini huwezi kusema bandari haikufanya kazi.

Dhana: kama badiliko la entropia ya waya ni sifuri, basi tukio linaweza kurudishwa nyuma

Hili ni jibu la tatu, nalo halihitaji maneno mengi. Waya haukubadilika, lakini maji yamebadilika: yamepokea jouli 14,400 za joto kwenye kelvini 300, entropia yake imepanda kwa 48, na hakuna kitu kingine kilichoshusha ya kwake kufidia. Ukitaka ushahidi wa mikono, geuza vichwa vya betri. Mkondo unageuka mwelekeo, ila waya unaendelea kutoa wati 24 zilezile, kwa sababu mkondo uko kwenye kipeo cha pili na alama ya kutoa inafutika. Ingekuwa tukio la kurudishwa, kugeuza mkondo kungeyafanya maji yapoe na betri ijae.

Dhana: haijalishi ni halijoto ya nani unayogawanyia

Hapa hata walimu tunateleza, na ndipo panaponoga.

Joto haliendi majini bila waya kuwa wa moto zaidi kidogo kuliko maji. Tuseme waya umetulia kwenye kelvini 320, wakati ndoo iko kwenye 300. Tugawanye kwa ipi?

Inategemea umechora mpaka wapi. Ukiuzungushia mpaka waya peke yake, joto linatoka likiwa kwenye kelvini 320, kwa hiyo kinachozaliwa ndani ya metali ni 24 kugawanya kwa 320, yaani 0.075 kila sekunde. Ukiujumuisha na ukanda mwembamba wa maji unaougusa waya, joto linaufikia mwili wa ndoo likiwa kwenye 300, na jumla ni 0.08. Tofauti ya 0.005 haikupotea. Imezaliwa katika ule ukanda, joto liliposhuka kutoka 320 hadi 300, kwa maana joto kutelemka toka kwenye moto kwenda kwenye ubaridi nako huzalisha entropia.

Kwa hiyo anayeulizwa entropia iliyozalishwa kwa jumla agawanye kwa halijoto ya mazingira. Anayeulizwa ya ndani ya rezista agawanye kwa halijoto ya rezista. Na utaona jambo ambalo wengi hawalitegemei: waya ukizidi kuwa wa moto, wati zikibaki zilezile, entropia inayozaliwa ndani yake inapungua. Inayobaki huzaliwa nje yake.

Twende mpaka mwisho wa wazo hilo. Tuutoe waya majini, tuufunge kabisa joto lisitoke, tupitishe wati 24 kwa sekunde kumi. Kwa waya wa gramu tano hivi, unaohitaji jouli 2.4 kupanda nyuzi moja, jouli 240 zitaupandisha kutoka kelvini 300 hadi 400. Sasa hali ya waya imebadilika kweli, na entropia yake inapanda kwa 2.4 × ln(400/300), sawa na 0.69. Ndani ya ndoo, sekunde kumi zilezile zingezalisha 0.80. Wale wanaodhani waya wa moto ndio wenye entropia nyingi zaidi hapa hukuna kichwa. Lakini chukua waya huo wa kelvini 400 uutumbukize kwenye ndoo. Unapopoa unapoteza 0.69 yake, maji yanapokea 240 kugawanya kwa 300, yaani 0.80, na ziada ya 0.11 inazaliwa wakati wa kupoa. Jumla imerudi 0.80. Mazingira ni yaleyale na jouli ni zilezile, kwa hiyo njia ndefu na njia fupi zinatoa hesabu moja.

Dhana: nishati haipotei, kwa hiyo hakuna kilichopotea

Jouli 14,400 zote zimo ndani ya ndoo. Hilo halina ubishi. James Joule alikwisha kulionesha mwanzoni mwa miaka ya 1840, kwamba joto la waya linafuata kipeo cha pili cha mkondo kikizidishwa kwa ukinzani.

Kilichopotea ni uwezo wa kuzifanyisha kazi. Zidisha entropia iliyozaliwa kwa halijoto ya mazingira: 48 mara 300 ni 14,400. Yaani kazi iliyopotea ni ile yote iliyoingia. Ukitaka kuwa mkali zaidi, kumbuka kwamba ndoo imepanda nyuzi 0.17 juu ya hewa ya kivulini, kwa hiyo injini kamilifu isiyo na msuguano wowote ingeweza kurudisha kidogo. Ukipiga hesabu inatoka kama jouli 4.

Betri ile ingeunganishwa na mota nzuri badala ya waya, jouli 14,400 zingetosha kulipandisha gunia la korosho la kilo 80 kiasi cha mita 18, ukiacha msuguano. Zile nne zilizobaki kwenye ndoo zinalinyanyua gunia hilohilo milimita tano.