Mstari mwekundu wa haidrojeni si mmoja

Wiki iliyopita niliwasha taa mbili mbele ya wanafunzi wa skuli moja hapa Unguja. Taa ya sodiamu, ukiitizama kupitia kioo chetu cha kuchambulia mwanga, kilichochorwa mistari 600 kwa kila milimita, inatoa mistari miwili ya njano iliyokaribiana, nanomita 589.0 na 589.6. Kila mmoja aliiona. Kisha nikawasha mrija wa haidrojeni, ukatoka ule mstari mwekundu wa nanomita 656.3. Binti mmoja akakaza jicho muda mrefu, akaniuliza: "Maalim, huu mbona haukupasuka?"

Umepasuka. Ila mpasuko wake ni mdogo kuliko kioo chetu kinavyoweza kutenganisha.

Jiweke mahali pa elektroni. Kwako wewe, protoni ndiyo inayokuzunguka, na chaji inayozunguka ni mkondo wa umeme, kwa hiyo inazaa uga wa sumaku. Kwenye obiti ya 2p, iliyo katika ngazi ya pili ya nishati, uga huo ni wa kiasi cha nusu tesla, nao si mdogo hata kidogo. Elektroni yenyewe, kwa sababu ya spini yake, ni kisumaku. Kisumaku ndani ya uga kina nishati inayotegemea kimelala vipi, na hapa kuna namna mbili tu. Spini ikienda upande mmoja na mzunguko wa obiti, tunapata hali ya j = 3/2, j ikiwa jumla ya spini na mzunguko huo, na nishati yake ni ya juu kidogo. Ikienda kinyume, tunapata j = 1/2, ya chini. Huo ndio mfungamano wa spini na obiti.

Ukilifanyia hesabu jambo hili kwa pupa utapata jibu kubwa mara mbili ya linalopimwa. Mahali ulipojiweka, juu ya elektroni, hapaendi kwa mstari ulionyooka. Panageuka muda wote, na kugeuka huko kunakata nusu ya athari. Mwanafizikia Llewellyn Thomas ndiye aliyelionesha hilo mwaka 1926. Mwanafunzi akiniletea jibu lililozidi mara mbili kamili, huwa sihangaiki kutafuta kosa jengine.

Sasa namba. Mpasuko wa 2p, kwa elektronivolti, α ikiwa namba isiyobadilika inayopima nguvu ya umeme, ni

```
ΔE = 13.6 × α² / 16,   α ≈ 1/137
```

Hiyo 16 ni n³ × l × (l+1), n ikiwa namba ya ngazi, hapa 2, na l namba ya mzunguko wa obiti, hapa 1, yaani 8 × 1 × 2. Gawa 13.6 kwa 16 upate 0.85, kisha gawa kwa 137 mara mbili. Jibu ni elektronivolti 0.0000453. Hali ya j = 3/2 inapanda kwa theluthi moja ya kiasi hicho na ya j = 1/2 inashuka kwa theluthi mbili. Hazigawani sawa kwa sababu ya juu ina nafasi nne na ya chini mbili, na wastani wa zote sita haupaswi kusogea. Nadharia ya uhusianifu nayo inazivuta zote mbili chini, lakini kwa kiasi kilekile, kwa hiyo pengo linabaki vilevile.

Kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili ya haidrojeni ni elektronivolti 10.2. Pengo letu linaingia humo mara 225,000 hivi. Ukichukua urefu wa kisiwa cha Unguja, kama kilomita 85, kuwa ndiyo hizo 10.2, mpasuko wa 2p haufiki dhiraa moja.

Mstari mwekundu unatoka ngazi ya tatu kwenda ya pili, nishati yake ni elektronivolti 1.89, kwa hiyo uwiano wa pengo letu nayo ni kama 1 kwa 42,000. Ngazi ya tatu nayo imepasuka, ila kidogo zaidi. Mistari inayotokea inajikusanya makundi mawili, yaliyoachana nanomita 0.014 hivi.

Kioo chetu kilikuwa kimemulikwa sentimita moja tu, yaani mistari 6,000, na katika mpangilio wa kwanza uwezo wake wa kutenganisha, yaani urefu wa wimbi ukigawanywa kwa pengo dogo kabisa linaloonekana, ni huohuo 6,000. Sodiamu inadai 1,000 tu, maana elektroni yake hupenya karibu na kiini chenye protoni 11 na mpasuko unazidi ule wa 2p mara 40 na ushei. Haidrojeni inadai karibu 47,000, yaani kioo kimulikwe kama sentimita nane.

Hata ukikipata, joto linakungoja. Atomu zinazokuja na zinazokwenda hutanua mstari; kwa joto la chumba upana ni nanomita 0.008, na ndani ya mrija atomu huwa na joto zaidi ya hapo, hivyo bonde baina ya makundi mawili linafukiwa. Dawa ni kuupoza mrija kwa naitrojeni ya maji, au kutumia diuteri, ambayo atomu yake ina uzito maradufu na upana wake unapungua kwa karibu asilimia 30, ilhali mpasuko unabaki uleule.

Binti akauliza hiyo diuteri inauzwa wapi.