Huna cheo, una kazi: wasifu mfupi wa mtu wa kujitolea

Ukikaa na watu wanaohangaika na shughuli za mitaa kule Moshi mjini, kata za Pasua, Njoro au Kiboriloni, utawakuta wanaofanya kazi ya ofisi nzima bila ofisi. Siku moja shirika linatangaza nafasi ya mwezeshaji wa vikundi, maombi yaambatane na wasifu mfupi usiozidi maneno 100, na hapo kalamu inagoma. Anayejua kutuliza kikao cha watu thelathini anaandika kwamba yeye ni "mchapakazi mwenye moyo wa kujitolea", basi. Kinachomkwamisha ni mambo kadhaa aliyoyasikia kwa watu akayaamini.

Nitamtumia dada mmoja wa Pasua, Moshi. Ni wa mfano tu, ila wa namna yake wako kila kata. Ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, ameshika nafasi hiyo tangu 2019. Hajawahi kuajiriwa. Anauza nguo za mtumba, na Jumapili mchana yuko kwenye kikao.

Dhana: Usipokuwa na cheo, jitafutie kimoja kinachosikika vizuri.

Rasimu yake ya kwanza ilisema yeye ni "Meneja wa Miradi ya Jamii". Alishauriwa hivyo na mtu wa steshenari anayechapa barua za maombi, na kwa kweli kichwani lilikaa vizuri. Shida inaanza pale anayesoma anapouliza: meneja wa miradi gani, bajeti ilitoka wapi, ulikuwa unawajibika kwa nani? Majibu matatu yote yanambomoa.

Wakati huohuo ana nafasi halali ambayo hakuiandika kabisa. Katibu wa kikundi si jina la kupewa kwa heshima. Amechaguliwa na wanachama, kikundi kina katiba inayotaja kazi za katibu, na kuna daftari la mihutasari lenye mwandiko wake. Tangu ipite Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa vinatambuliwa kisheria na vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo jina lake kama kiongozi linaweza kabisa kuwa limekaa kwenye faili la halmashauri.

Na kwa zile shughuli ambazo hazina hata nafasi ya kuchaguliwa? Eleza kazi kwa herufi ndogo, maneno ya kawaida: "mratibu wa kujitolea wa usafi wa mtaro", "mhamasishaji wa chanjo mtaani". Kipimo ni rahisi. Mwenyekiti wa mtaa akipigiwa simu akasomewa maneno hayo, atasema "ndiyo, huyo ndiye", au atauliza "nani kasema hivyo?"

Dhana: Kazi isiyolipwa haihesabiki kama uzoefu.

Anayeajiri mwezeshaji wa vikundi anataka kujua kama umewahi kuitisha kikao watu wakaja, kama umeandika hesabu zikalingana, na kama umewahi kukabili mgogoro wa fedha bila kikundi kuvunjika. Posho uliyolipwa au uliyokosa haibadili majibu hayo. Andika "kwa kujitolea" mara moja, waziwazi, kisha endelea. Ukificha, atagundua kwenye usaili na ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Mpaka upo, tusidanganyane. Tangazo likitaka stashahada ya maendeleo ya jamii, hakuna wasifu utakaoziba pengo hilo. Na kutunza daftari la kikundi hakukufanyi mhasibu, hata kama hesabu zako hazijawahi kupishana shilingi.

Dhana: Taja kiasi kikubwa cha fedha, ndicho kinachovutia.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo watu wazuri wanapojiharibia.

Kikundi cha dada yetu kina wanachama 29. Hisa moja ni Sh 2,000, na kila mmoja ananunua kuanzia moja hadi tano kwa wiki. Mzunguko wa 2024 ulipofungwa Desemba, kabla watu hawajapanda migombani kwa Krismasi, akiba ya hisa ilikuwa Sh milioni 11.6. Kwenye rasimu aliandika: "Nimesimamia fedha zaidi ya Sh milioni 11."

Anayevijua vikundi hivi atauliza swali moja tu: funguo za sanduku alikuwa nazo nani? Sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mwanachama tofauti, makusudi, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Fedha zinahesabiwa na wahesabu mbele ya wote. Mweka hazina anapokea. Katibu hashiki fedha hata kidogo. Yeye anaita majina, anaandika hisa kwenye kijitabu cha kila mwanachama na kwenye daftari kuu, anarekodi mikopo na faini, na kikao kinachofuata anasoma salio la mwisho kabla sanduku halijafunguliwa. Likihesabiwa na lisilingane na alichosoma, kikao kinasimama hapo hapo.

Sasa angalia alichokipoteza kwa ile "nimesimamia". Amejipa kazi ya watu wengine, na ile ya kwake, ambayo ndiyo mashirika yanaihangaikia, hajaitaja. Kutunza kumbukumbu ambazo watu 29 wanazikagua kila wiki kwa macho yao ni uzoefu mkubwa kuliko neno "kusimamia" linavyoweza kubeba. Sentensi sahihi ni hii: "Naandika hesabu za kila kikao na kuzisoma mbele ya wanachama, akiba ya mzunguko wa 2024 ilifika Sh milioni 11.6." Kiasi kimebaki kilekile, ila sasa kinaonyesha ukubwa wa kikundi, na kazi iliyotajwa ni ya kwake kweli.

Upande wa pili ni wale wanaojificha ndani ya kikundi. "Tulihamasisha, tulifuatilia, tulifanikiwa." Ni adabu nzuri kikaoni, lakini kwenye wasifu msomaji hajui wewe ulifanya lipi. Ukisema kikundi kilifanya nini, malizia na sehemu yako.

Namba zenyewe zitoke kwenye daftari, zisitoke kichwani. Idadi ya wanachama ipo kwenye orodha ya mahudhurio, akiba ipo kwenye ukurasa wa mgao. Kama daftari la mwaka fulani lilipotea, achana na mwaka huo.

Dhana: Andika mafanikio tu, yaliyokwama yafiche.

Mwaka huo wa 2024 mikopo sita ilichelewa. Kwenye vikundi vingi mtu anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, kwa hiyo akikwama, shimo linawagusa wote. Katibu alikwenda nyumbani kwa wadaiwa pamoja na mjumbe mmoja wa kamati. Hakwenda peke yake, maana habari ya deni ikitembea na mtu mmoja hugeuka umbea. Wadaiwa wanne walilipa kwa awamu. Wawili walishindwa, na deni likamalizwa kwenye mgao, sehemu kwa hisa zao na iliyobaki kwa hisa za wadhamini wao, kama katiba inavyosema.

Yeye aliona aibu kuwataja hao wawili. Mimi naona ndiyo sentensi bora kwenye wasifu wote. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikundi hataamini "marejesho asilimia 100 kila mwaka", ila ataamini sita, wanne na wawili. Tena inaonyesha kwamba lilipofika gumu, kikundi kilifuata katiba, wala hakikugombana.

Majina ya wadaiwa usiyaandike popote, wala jambo linalowatambulisha. Kadhalika ukiwa umesaidia wagonjwa au watu waliopigwa majumbani: eleza kazi, watu waache.

Dhana: Vyeti vya semina ndivyo uzoefu.

Kuna watu wana faili lililojaa vyeti vilivyowekewa nailoni, semina ya siku mbili hapa, ya siku tatu pale Arusha. Cheti kinasema ulikuwepo. Kama ulichofundishwa ulikitumia, andika ulipokitumia, na semina itajwe kwa maneno matatu. Kama hukukitumia, kwenye maneno 100 hakina nafasi.

Hivi ndivyo wasifu wa dada wa Pasua ulivyokaa mwishoni:

"Ni mratibu wa kujitolea wa shughuli za jamii, kata ya Pasua, Moshi. Tangu 2019 ni katibu wa kuchaguliwa wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 29. Naandika hesabu za kila kikao na kuzisoma mbele ya wanachama. Akiba ya mzunguko wa 2024 ilifika Sh milioni 11.6. Mwaka huo nilifuatilia mikopo sita iliyochelewa: minne ililipwa, miwili ikamalizwa kwenye mgao kwa mujibu wa katiba. Pia huitisha kaya za mtaa wetu kuzibua mtaro kabla ya masika. Natafuta nafasi ya uwezeshaji wa vikundi."

Hakuna "mchapakazi" wala "mwaminifu". Msomaji akitaka kuyasema atayasema mwenyewe.

Dhana: Kwa kuwa hukuajiriwa, hakuna wa kukuthibitisha.

Wapo wengi: mwenyekiti wa kikundi, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Chagua wawili waliokuona ukifanya kazi yenyewe wawe wadhamini wa maombi yako, uwaombe ruhusa, uwasomee wasifu kabla hujautuma. Barua ya utambulisho ya mtaa usiisubirishe. Wenyeviti wa mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024, na aliyekuona ukizibua mtaro anaweza asiwe tena yeye mwenye muhuri. Watendaji nao huhamishwa.

Halafu kuna jambo dogo linalokwamisha watu wengi, hasa kina mama. Kikundini na mtaani anaitwa Mama Brayani, miaka yote. Kwenye maombi ameandika majina matatu ya kitambulisho cha NIDA. Simu inapigwa, mdhamini anaulizwa habari za mtu mwenye majina hayo, naye anajibu kwa roho safi kabisa: "Huyo simfahamu." Mtumie mdhamini ujumbe wenye majina yako kamili, jina la shirika na nafasi unayoomba, na kwenye barua ya mtaa omba yaandikwe yote: majina ya kitambulisho, kisha "anayejulikana pia kama Mama Brayani".