Mtaro uliopanda kilima: pendekezo langu kwa Magomeni, Mtwara

Mwaka jana nilishinda siku nzima na fundi mmoja wa ujenzi kwenye mtaro wa Magomeni, upande ule nyumba zilikotangulia na vipimo vikafuata. Kila aliyepita alituambia hivyo hivyo: maji yanatuama kwa sababu watu wanatupa taka. Taka zilikuwepo kweli. Lakini tulipouzibua, ndoo mbili za maji tulizomimina zilisimama palepale.

Fundi akatoa mpira wake wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao mafundi wanautumia kusawazisha msingi. Huo ndio ninaotaka uwe kifaa kikuu cha kazi yetu ya kupima mitaro ya mtaa na kuichorea ramani, mbele ya simu na picha za setilaiti. GPS ya simu inakosea mita kadhaa hata kwa mahali tu, na kwa kimo ni mbaya zaidi. Ramani za kimo zinazopatikana bure zinatoa namba moja kwa kila mita 30 hivi. Mtaro wetu unakufa au kupona kwa sentimita 6.

Kipimo ni hiki. Watu wawili wanasimama mita 20 mbali, kila mmoja na fimbo yenye tepe iliyokanyaga sakafu ya mtaro, na ncha ya mpira imebanwa kwenye fimbo. Maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, na kila mmoja anasoma urefu wa maji kwenye fimbo yake. Juu ya mtaro tulisoma sentimita 120, chini 128, maana yake sakafu imeshuka sentimita 8. Hatua ya pili ilishuka 7, ya tatu 6. Ya nne, juu tulisoma 120 na chini 114. Sakafu imepanda sentimita 6! Pale kwenye mita 80 kuna kalavati chini ya njia ya bodaboda, na aliyeliweka aliliweka juu mno. Mchanga unaoletwa na maji unatua kwenye kishimo kile, ukizoa leo unarudi mvua ijayo. Hapo chepe haitoshi, ni kulishusha kalavati.

Mpira nao unadanganya. Kiputo kimoja cha hewa kinatosha kuharibu kipimo, kwa hiyo kabla ya kuanza ncha mbili zinawekwa pamoja na maji lazima yalingane. Halafu kila kipimo kinarudiwa kwa kubadilishana ncha, na tofauti ikizidi sentimita 1 tunaanza upya. Kosa letu sisi lilikuwa jingine: mara ya kwanza tulisimamisha fimbo juu ya mchanga, tukapata mteremko mzuri wa uongo. Ni lazima kufukua mpaka zege. Kwenye mitaro ya udongo isiyo na zege tunapima juu ya udongo na kuandika hivyo.

Namba zinaingia kwenye fomu ya KoboCollect, programu ya simu ya kukusanya taarifa, ambayo inafanya kazi bila bando mpaka jioni tunapozituma. Vitu vinavyodumu tu ndivyo vinavyokwenda OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, tukichora kwa JOSM, programu ya kompyuta ya kuihariri:

```
waterway=drain
width=0.6
depth=0.7
```

Kalavati linakatwa kama kipande chake, likiongezewa `tunnel=culvert`. Mstari unachorwa kufuata maji yanakokwenda, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa sababu wanachora kuelekea baharini kwa mazoea. Mtaro wetu ulipaswa kukatwa kwenye mita 60 na kwenye mita 80, na mshale wa kipande cha kati urudi nyuma. Kina cha mchanga hakiendi kwenye ramani ya wazi, kwani kinabadilika kila mvua. Kinabaki kwenye fomu pamoja na tarehe. Na jina la mwenye nyumba haliandikwi popote, hasa pale bomba la choo linapotokea mtaroni. Ukiandika moja, kesho hakuna atakayekufungulia ua.

Naomba watu 12 wa kujitolea, makundi manne ya watu watatu: wawili wa mpira, mmoja wa simu. Wachaguliwe kupitia mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa mashina, wawemo akina mama wanaoishi kando ya mitaro, maana wao ndio wanaojua maji yaliingia mpaka ngazi ya ngapi. Mafunzo ni siku tatu. Ya kwanza ni mpira na tepe tu, na mwalimu ni fundi, si mimi. Ya pili ni fomu. Ya tatu makundi mawili mawili yanapima mita 100 zilezile bila kuonyeshana, kisha tunaweka matokeo mezani. Yakipishana zaidi ya sentimita 3 mwisho wa njia, hawaendi mtaani bado.

Nataka tuanze Agosti. Oktoba korosho zinawaita watu mashambani na kwenye minada, na Desemba mvua inaanza. Nakala ya kwanza ya ramani iende kwa mtendaji wa mtaa na wakala wa barabara, TARURA, ikiwa na orodha fupi ya aina mbili tu: mitaro ya kuzoa mchanga, na mitaro ya kujenga upya.